Ugumu wa Ini: Elastografia na Biopsi

Ini linaloshambuliwa kwa miaka mingi, iwe na kirusi cha homa ya ini, pombe au mafuta yaliyojaa ndani yake, hujaza makovu mahali palipoharibika. Katika mfumo wa METAVIR, makovu hayo hupewa daraja kuanzia F0, ini lisilo na kovu, hadi F4, yaani sirosisi. Daraja hilo hutafutwa kwa biopsi au kwa elastografia ya mpito, inayofahamika zaidi kwa jina la mashine yake, FibroScan. Watu wengi huzichukulia kama njia mbili za kupima kitu kilekile. Sivyo: biopsi huliona kovu lenyewe, mashine hupima ugumu tu.

Katika biopsi, daktari hutia ganzi kati ya mbavu za kulia, kisha huchoma sindano na kuchomoa kipande chembamba cha ini chenye urefu wa milimita 15 hadi 25. Mtaalamu wa patholojia hukitazama kwa hadubini, akaona kovu limefika wapi, uvimbe ni mkali kiasi gani, mafuta yapo au hayapo. Hakuna mashine inayotoa habari nyingi namna hiyo. Lakini kipande hicho ni takriban sehemu moja kati ya 50,000 za ini zima, na makovu hayatawanyiki sawasawa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu homa ya ini C ulionyesha kwamba hata kipande cha milimita 25 hutoa daraja sahihi mara 75 tu katika 100. Tena biopsi huuma, na mara chache husababisha damu kuvuja ndani ya tumbo. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza kama inaganda vizuri, na mgonjwa huangaliwa kwa saa kadhaa baadaye.

Elastografia haimchomi mtu. Mgonjwa hulala chali, mkono wa kulia ukiwa nyuma ya kichwa, na probu huwekwa kati ya mbavu. Probu hugonga ngozi kidogo, mtikisiko husafiri ndani ya ini, na mawimbi ya ultrasaundi huufuata ili kupima mwendo wake. Katika ini gumu mtikisiko huenda kasi zaidi. Ukienda mita 1 kwa sekunde, ugumu ni kilopaskali 3 hivi; kasi ikifika mita 2, ugumu hupanda hadi 12. Eneo linalopimwa ni kubwa kuliko kipande cha biopsi kwa zaidi ya mara 100. Vipimo 10 huchukuliwa, na jibu ni kile cha katikati. Skrini huonyesha pia IQR/med, yaani vipimo vimetofautiana kiasi gani. Ikizidi asilimia 30, jibu halifai kuaminiwa.

Tatizo ni kwamba kovu si kitu pekee kinacholifanya ini kuwa gumu. Uvimbe mkali, damu iliyorudi nyuma kwa sababu ya moyo dhaifu, nyongo iliyoziba, hata chakula kilicholiwa muda mfupi uliopita, vyote hupandisha namba.

Tuchukue mfano wa kutunga wa kijana mwenye homa ya ini B. Kimeng'enya cha ALT kiko 310, ilhali kawaida huwa chini ya 40 hivi. Mashine inasoma 14.2 kPa, IQR/med asilimia 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 huihesabu homa ya ini B inayozidi 12.5 kPa kuwa sirosisi, na inayozidi 7 kuwa kovu la maana. Kipimo kimefanywa vizuri, namba inasema sirosisi. Lakini chembe sahani zake za damu ni 240,000, bandama haijavimba, na ukingo wa ini ni laini kwenye ultrasaundi. Vitu hivi havifanani na sirosisi. ALT ndiyo inayoeleza ugumu huo. Anaanzishwa tenofovir, anayostahili kwa vyovyote vile. Miezi sita baadaye ALT ni 32, na mashine inasoma 7.4. Kovu lipo, sirosisi haipo. Biopsi ingeweza kutenganisha uvimbe na kovu siku ile ya kwanza, ila dawa isingebadilika, kwa hiyo kusubiri kulikuwa uamuzi mzuri.

Kuna mahali mashine hushindwa kabisa. Maji yakijaa tumboni mtikisiko haupiti, na kwa mtu mnene huhitajika probu maalumu ya XL. Kando ya Ziwa Viktoria kuna kichocho cha tumbo, ambacho kovu lake huzunguka mishipa ya mlango wa ini na kuacha sehemu nyingine zikiwa laini. Mgonjwa anaweza kutapika damu kwa shinikizo la mishipa hiyo huku namba ya mashine ikiwa ya wastani. Hapo ultrasaundi ya kawaida humfaa zaidi.

Kwa maoni yangu, mgonjwa aanze na mashine, na sindano ibaki kwa yule ambaye chanzo cha ugonjwa wake hakijulikani au ambaye vipimo vyake vinapingana hata baada ya uvimbe kutulia. Nawe ukipewa namba ya kPa, muulize daktari ALT yako ilikuwa ngapi siku hiyo, na umwambie kama ulikula ndani ya saa tatu kabla ya kupimwa.