Jina la Karani na Jina la Watu

Mwezi Novemba 2011, mtandao wa Facebook ulimtaka mwandishi mmoja mashuhuri athibitishe kwamba yeye ndiye yeye. Akaunti yake ilifungwa, akaagizwa atume nakala ya pasipoti. Alituma. Akaunti ikafunguliwa, lakini mwenyewe alikuta amebatizwa upya: badala ya Salman Rushdie, sasa alikuwa Ahmed Rushdie. Kosa la karani huyo wa mtandaoni, kama tutaliita kosa, lilikuwa kusoma pasipoti kwa uaminifu. Pasipoti inasema Ahmed Salman. Jina la kwanza ni Ahmed. Basi huyu ni Ahmed. Ukweli kwamba tangu utotoni hakuna aliyemwita hivyo, na kwamba vitabu vyake vyote vimebeba jina la Salman, haukuwa na sanduku lake katika fomu.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mimi nakiona kuwa somo la historia, kwa sababu kinafichua mkanganyiko ambao bado uko nasi: kudhani kwamba jina la kisheria na jina halisi ni kitu kimoja.

Tuanze na asili ya kanuni yenyewe. Facebook ilizaliwa Februari 2004 katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwanzoni mtu hakuweza kujiunga bila anwani ya baruapepe ya chuo hicho. Jina halikuhitaji kuthibitishwa na kampuni, kwani chuo kilikwisha kulithibitisha siku ya usajili. Mwanafunzi aliyejiita vingine angechekwa na wenzake wa bwenini. Desturi hiyo ilifaa kijiji kile kidogo. Mwaka 2006 milango ilipofunguliwa kwa umma, desturi ya bweni iligeuka kanuni ya dunia nzima, lakini msajili wa chuo hakuwapo tena. Nafasi yake ikachukuliwa na mambo mawili: watumiaji kushtakiana, na kitambulisho cha serikali. Yeyote aliweza kubonyeza kitufe kuripoti kwamba fulani anatumia jina bandia. Aliyeripotiwa ndiye aliyebeba mzigo wa kujitetea.

Madhara yalionekana mapema, na si kwa waandishi maarufu peke yao. Juni 2010 kijana wa Kimisri, Khaled Said, aliuawa kwa kipigo cha polisi mjini Alexandria. Wael Ghonim, Mmisri aliyekuwa akifanya kazi Dubai, alianzisha ukurasa wa kumkumbuka na kuuendesha kwa jina la kificho. Novemba mwaka huo, uchaguzi wa bunge ukikaribia, Facebook iliufunga ukurasa huo, kwa kuwa msimamizi wake hakutumia jina lake. Ulirudi baada ya mwanamke wa Kimisri aliyeishi Marekani kukubali kuwa msimamizi kwa jina lake mwenyewe. Miezi miwili baadaye ukurasa huohuo ulikuwa miongoni mwa iliyowaita watu barabarani, na Ghonim, alipotambuliwa, alikamatwa na kuzuiliwa hadi tarehe 7 Februari 2011. Kwa mtu wa namna hiyo, jina la kwenye kitambulisho ni anwani inayowafikisha askari mlangoni.

Rushdie mwenyewe alilijua hilo. Baada ya fatwa ya Februari 1989, polisi wa Uingereza waliomlinda walimtaka achague jina jingine, naye akaishi miaka mingi akiitwa Joseph Anton. Dola iliyoweza kumdai kitambulisho ndiyo iliyomwambia ajifiche nyuma ya jina la kubuni. Basi mwaka 2011, jina la kweli lilikuwa lipi? La pasipoti, la vitabuni, au lile ambalo walinzi wake walimwita kila asubuhi?

Alilalamika kupitia Twitter, akiuliza kama J. Edgar Hoover naye angelazimishwa kuitwa John. Siku hiyohiyo kampuni ilinyoosha mikono. Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia: hakushinda kwa hoja, alishinda kwa wingi wa wasikilizaji. Februari 2012 Facebook iliruhusu watu wenye wafuasi wengi, baada ya kuonyesha kitambulisho, watumie jina walilojulikana nalo. Ruhusa ikawa ya wakubwa. Wasio na hadhira waliendelea kuitwa wadanganyifu.

Mambo yalilipuka tena Septemba 2014, wasanii wa San Francisco wanaume wanaoigiza kwa mavazi ya kike walipofungiwa mamia ya akaunti. Tarehe 1 Oktoba, Chris Cox, aliyesimamia bidhaa za kampuni, aliomba radhi na kufafanua kwamba mtu mmoja ndiye aliyeripoti mamia ya akaunti hizo. Akaongeza kuwa kanuni haikukusudiwa kudai jina la kisheria, ila jina ambalo mtu hulitumia maishani. Maneno mazuri; lakini ofisi iliyokuwa ikidai kitambulisho ilikuwa ikifanya kinyume chake. Desemba 2015 ndipo waripoti walipoanza kutakiwa kueleza sababu, na walioripotiwa wakapewa nafasi ya kueleza hali zao.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa tofauti hii. Mzee aliyefahamika kama Jomo Kenyatta alizaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone Kamau, akajulikana kama Johnstone Kenyatta, kisha mwaka 1938 akatoa kitabu chake kwa jina la Jomo. Mtu aliyemjua tangu ubatizo angeweza, kwa kanuni ya kuripoti, kumfungia ukurasa kwa ushahidi kamili. Na kila jina kati ya hayo lilikuwa la kweli kwa watu walioliita. Hata leo, Mama Fulani anayejulikana mtaa mzima kwa jina la mwanawe ana kitambulisho chenye majina matatu ambayo jirani zake hawayajui.

Kwa nini basi nasema mkanganyiko bado upo? Kwa sababu mwaka 2023 kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Meta, ilianza kuuza alama ya uthibitisho kwa huduma ya Meta Verified, na ikarudi palepale: jina la wasifu lilingane na kitambulisho cha serikali. Kwa kanuni hiyo ya mwaka 2023, msanii au mwandishi aliyejenga kazi yake kwa jina la umma na kutaka kununua alama hiyo alibaki na njia mbili: aiache, au aonyeshe jina ambalo wasomaji wake hawalijui. Wengine hukimbilia kwa wakili kula kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho chaweza kufaa benki, lakini hakibadilishi herufi zilizochapwa kwenye kitambulisho, na mtambo wa uthibitisho ulisoma herufi hizo.

Sikatai kwamba matapeli wapo, wala kwamba mtu anayeigwa anahitaji kinga. Lakini kitambulisho hujibu swali moja tu: karani aliandika nini. Mwigaji hukamatwa kwa swali jingine: je, huyu ndiye mtu ambaye umma unamfahamu kwa jina hili? Swali hilo hujibiwa kwa vitabu, kwa kazi, kwa ushahidi wa miaka. Kampuni inaweza kuhifadhi pasipoti kabatini na kuacha jina la watu lionekane mlangoni. Ilimfanyia hivyo Rushdie kwa siku moja. Kama hilo liliwezekana kwake, mwenye wafuasi mia tatu analinyimwa kwa msingi gani?