Zaburi ya 88: Sala inayoishia gizani

Katika misiba mingi hapa kwetu, kuanzia Rombo hadi Machame, aliyefiwa huambiwa, "Kazi ya Mungu haina makosa." Anayeuliza "kwa nini mimi?" hunyamazishwa, wakati mwingine kwa upole, wakati mwingine kwa ukali, kana kwamba kuuliza ni kukufuru. Lakini ndani ya Biblia ileile inayoshikwa mkononi msibani lipo shairi la muumini anayemuuliza Mungu waziwazi, na hajibiwi. Ni Zaburi ya 88. Katika baadhi ya Biblia za Kikatoliki za zamani utaikuta kwa namba 87.

Kichwa chake kinamtaja Hemani Mwezrahi na wana wa Kora, ambao walikuwa waimbaji wa hekaluni. Kwa hiyo haya si malalamiko ya siri ya mtu mmoja. Ni wimbo uliotunzwa ili watu wauimbe pamoja.

Shairi linavyokwenda

Lina mistari 18. Mshairi anamwita Mungu mara tatu: mwanzoni, katika mstari wa 9 na katika mstari wa 13. Anasema anaomba mchana na usiku, kila siku, na asubuhi pia. Hivyo hatuwezi kusema hajibiwi kwa sababu ameacha kusali.

Baada ya mwito wa kwanza anaeleza hali yake: yuko karibu na kaburi, anahesabiwa pamoja na wafu. Kuanzia mstari wa 6 lawama zinakuwa kali. Hasemi adui ndiye aliyemtupa shimoni, anamwambia Mungu kwamba ni yeye aliyemtupa. Hata rafiki zake, anasema, Mungu ndiye aliyewaweka mbali naye.

Baada ya mwito wa pili yanafuata maswali mfululizo, mstari wa 10 hadi wa 12. Je, wafu watakusifu? Je, kaburini kuna atakayesimulia fadhili zako? Hapa analalamika na kuomba kwa wakati mmoja. Anamwambia Mungu kwamba nikifa, na wewe unapoteza mtu wa kukusifu.

Baada ya mwito wa tatu anauliza kwa nini Mungu anamficha uso. Kisha anataja maji yanayomzunguka mchana kutwa. Wasikilizaji wetu wa tambarare, ambao wameona mito ikijaa ghafla kwa sababu mvua imenyesha juu mlimani, wanaielewa picha hiyo bila mhubiri. Shairi linaishia hapo, na katika Kiebrania neno la mwisho kabisa ni giza.

Tofauti na zaburi nyingine

Zaburi za malalamiko ni nyingi, na karibu zote hugeuka. Chukua Zaburi ya 13: inaanza kwa kumuuliza Mungu mara nne ni hadi lini, lakini mistari miwili ya mwisho ni ya matumaini na kuimba. Zaburi ya 88 haigeuki. Mungu hasemi neno hata moja, na mshairi hamsemei.

Matumaini yapo sehemu moja tu, mstari wa kwanza, pale anapomwita Mungu kuwa ndiye wokovu wake. Usomaji mzuri unaushika mstari huo hadi mwisho. Anayelalamika hivi bado anaamini kuna anayesikia, kwa maana mtu aliyekata tamaa kabisa hamwiti mtu. Ukisoma malalamiko peke yake utaona hasira, na ukisoma sala peke yake utakosa maumivu. Kimya cha Mungu ndicho kinachoviunganisha, kwa sababu mshairi anaendelea kusema mbele yake.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuisoma kisha kuharakisha kuongeza zaburi ya furaha ili watu wasiondoke na huzuni. Kanisa Katoliki haliogopi mwisho huo: zaburi hii imo katika sala ya usiku ya kila Ijumaa.

Kosa la pili ni kudhani mwenye kuuliza amekosa imani. Ayubu naye aliuliza kwa maneno makali, lakini katika sura ya 42 Mungu anawakemea rafiki zake waliojifanya kumtetea, na kusema Ayubu ndiye aliyenena vema. Kwa Waislamu pia, katika Sura ya Yusuf, Nabii Yaakub anapompoteza mwanawe anapeleka huzuni yake kwa Mungu.

Ukienda msibani na ukaona maneno yamekwisha, soma zaburi hii polepole, mtu mmoja kwa sauti, kisha kaeni kimya bila mahubiri. Ila mfiwa akisema kwa maneno yake mwenyewe kwamba anatamani kufa, usimwache peke yake. Kaa naye, na umpeleke kituo cha afya.