Mapitio ya Mkakati: Kuacha, Kuanza, Kuendeleza

Kwenye taarifa za vyama, mashirika na kampuni nyingi utakuta kichwa cha habari kinachosema "tathmini ya mwaka", na chini yake orodha ya shughuli zilizofanyika: mafunzo yalitolewa, mikutano ilikaa, vifaa vilinunuliwa. Hayo ni mapitio ya mpango kazi, na swali lake ni kama tulifanya tulichoahidi. Mapitio ya mkakati yana swali jingine: je, kufanya hayo kumetufikisha tulikokusudia, na je, kwa tunayoyajua sasa, tuendelee nayo? Chama kinaweza kutekeleza mpango kazi wake wote na bado mkakati wake ukawa umeshindwa.

Napendelea neno "mapitio" kwa kazi hii nzima, na "tathmini" kwa sehemu yake moja tu. Tathmini ni kupima na kutoa thamani: mikopo imerejeshwa kwa kiasi gani, akiba imekua kiasi gani. Mapitio yanaanza na tathmini lakini hayaishii hapo, maana lazima yatoe uamuzi wa aina tatu: nini tuache, nini tuanze, nini tuendelee nacho. Kikao kilichomalizika bila maamuzi hayo kimetathmini tu.

Hilo la kuacha linahitaji uangalifu wa lugha, kwa sababu wajumbe wakiona aibu hukimbilia "kusimamisha" au "kusitisha kwa muda". Kitu kilichosimamishwa kinangoja kurudi. Bado kinashikilia fungu lake kwenye bajeti, bado kina mtu aliyepangiwa, na Machi atatokea mjumbe wa kuuliza kinafufuliwa lini. Kuacha ni kuacha: fungu linafutwa na mtu anapewa kazi nyingine. Kama bodi inataka kweli kusimamisha, basi iandike tarehe na sharti la kurudia. Vivyo hivyo kwenye uchaguzi wa neno kwa lile la tatu. "Endelea" linaruhusu kitu kibaki kama kilivyo kwa sababu hakuna aliyelalamika. "Endeleza" linamlazimu mtu kusema kitu hicho kinapelekwa wapi. Ndiyo maana nimeliweka kwenye kichwa cha makala.

Tuchukue mfano wa kubuni wa SACCOS ya mji mdogo katika bonde la Kilombero, ambako mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai. Mwaka wao wa fedha unaisha Desemba. Mwanzoni mwa mwaka bodi iliweka lengo moja kuu: marejesho yaliyochelewa yasizidi asilimia 5 ya mikopo yote, kiwango ambacho vyama vingi vya akiba na mikopo duniani hukitumia kama mpaka wa usalama. Desemba meneja analeta hesabu: mikopo iliyoko nje ni shilingi milioni 400, na iliyochelewa ni milioni 32. Hiyo ni asilimia 8. Lengo halikufikiwa.

Kosa la kawaida hapa ni kuijadili ile 8 kama ilivyo. Mjumbe mmoja atataka afisa mikopo wawe wawili, mwingine atataka riba ipande. Lakini namba ya jumla haina la kuacha ndani yake, lazima ivunjwe. Mikopo ya watumishi inayolipwa kwa makato ya mshahara ni milioni 300, iliyochelewa ni 6. Mikopo ya dharura ni milioni 40, iliyochelewa ni 5. Mikopo ya vikundi ni milioni 60, iliyochelewa ni 21. Sasa macho yote yako kwenye vikundi, na wengi mezani wanajua wa kumlaumu: wakulima wa mpunga. Nani asiyekumbuka Februari na Machi, afisa mikopo akizunguka vijijini na kurudi mikono mitupu?

Hapo ndipo meneja mzuri anafungua daftari la marejesho mwezi kwa mwezi badala ya kutegemea kumbukumbu. Vikundi vya wakulima vimekopa milioni 25. Walichelewa kweli kuanzia Januari hadi Mei, lakini Julai na Agosti, mpunga ulipouzwa, walilipa, na Desemba wamebaki na milioni 1 tu iliyochelewa. Milioni 20 zilizobaki ni za vikundi vya wafanyabiashara wa sokoni, waliokopa milioni 35. Hao walilipa vizuri miezi mitano ya mwanzo, wakasifiwa kikaoni, kisha mwanakikundi mmoja akashindwa, wenzake waliomdhamini wakakataa kumlipia, na baada ya hapo nao wakaona hakuna sababu ya kulipa ya kwao.

Kelele za Machi na hasara ya Desemba zilitoka kwa watu tofauti. Bila daftari lile, bodi ingeacha kitu kizuri na kuendelea na kibovu.

Peter Drucker, aliyeandika sana juu ya uongozi wa taasisi, alishauri swali ambalo hapa linafaa sana: kama shughuli hii tusingekuwa nayo, kwa tunayoyajua leo tungeianza? Kwa vikundi vya sokoni jibu la bodi ni hapana. Kinachowazuia wajumbe kuacha ni zile milioni 20. Wanahofu kwamba wakifunga dirisha watazipoteza. Lakini fedha hizo zimeshatoka, na kukopesha vikundi vipya hakuzirudishi. Azimio la kuacha basi linaandikwa kwa ukamilifu: kuanzia 1 Januari hakuna mkopo mpya kwa kikundi cha wafanyabiashara, madeni ya zamani anayafuatilia mtu mmoja anayetajwa kwa cheo chake, na siku mbili kwa wiki alizotumia afisa mikopo kutembelea vikundi hivyo sokoni zinahamishwa.

Zinahamishiwa wapi ndilo swali la kuanza, na sioni namna ya kuanza jambo jipya bila kulijibu. Siku hizo mbili zinaenda kwa wakulima, maana mkopo wao unaendelezwa kwa kubadilisha ratiba: badala ya marejesho ya kila mwezi, walipe kwa awamu mbili, Julai na Agosti. Na jambo jipya ni moja tu, mkopo wa pembejeo kwa mkulima mmoja mmoja mwenye akiba ya angalau miezi sita. Mikopo ya mishahara inabaki, ila bodi ikiri kwamba inalipwa vizuri kwa sababu ya makato ya mwajiri. Mwajiri akichelewesha mishahara, ile asilimia 2 itapanda bila afisa yeyote kukosea.

Kuna mpaka ambao miezi kumi na miwili haiuvuki. Kwa mkulima wa mpunga mwaka mzima ni msimu mmoja, na msimu mmoja ni ushahidi wa mara moja. Mvua zilikuwa nzuri, bei ilikuwa nzuri. Hatujui mwaka wa mafuriko utaonekanaje. Kwa hiyo mkopo mpya wa pembejeo unaanza kwa wakulima 40, na kwenye muhtasari huohuo unaoupitisha bodi inaandika sharti la kuusimamisha: ikifika 30 Septemba na zaidi ya asilimia 5 ya fedha hizo haijarejeshwa, hakuna mkopo wa pembejeo utakaotolewa msimu unaofuata hadi kikao cha Desemba.