Muhtasari wa nyaraka za kiolesura cha programu

Kiolesura cha programu ni mlango ambao programu moja hupitia kuiomba nyingine ifanye kazi fulani na kurudisha jibu. Nyaraka zake hueleza mlango huo: una kazi zipi, kila kazi inataka nini, inarudisha nini, na nani anaruhusiwa kuutumia kwa kiasi gani. Muhtasari wa nyaraka hizo ni maandishi mafupi yanayomwezesha mtengenezaji wa programu kuamua kama mlango huo unamfaa, na kuandika ombi la kwanza bila kukosea. Wengi huuandika kwa kufuata mpangilio wa ukurasa wenyewe, kazi zikitangulia, vigezo vikifuata, na mipaka ya matumizi ikibanwa mwishoni au kuachwa kabisa. Makala hii inashikilia kwamba mpangilio huo umepinduka. Kwa mtu anayepanga kujenga kitu, kikomo ndicho kinachoamua kama kazi iliyotangazwa ipo kwake au haipo. Aghalabu kikomo hicho hakimo hata kwenye ukurasa unaofupishwa.

Mfano unaofaa ni Nominatim, programu huria inayotafuta mahali katika data ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Yeyote anaweza kuisimika kwenye seva yake, lakini wengi huanza na seva ya umma inayoendeshwa na Wakfu wa OpenStreetMap. Nyaraka zake zinataja njia kadhaa, na tatu ndizo zenye uzito kwa mtengenezaji. `/search` hupokea jina au anwani na kurudisha mahali. `/reverse` hupokea latitudo na longitudo na kurudisha anwani. `/lookup` hupokea namba za vitu vilivyokwisha kujulikana katika ramani, visivyozidi 50 kwa ombi moja, na kurudisha maelezo yake. Ipo pia `/details`, lakini nyaraka zenyewe zinaonya kwamba imewekwa kwa ajili ya kuchunguza hitilafu, wala isiitwe na programu kwa kujiendesha. Muhtasari unaoitaja ya nne kwenye orodha bila onyo hilo umempa msomaji njia asiyoruhusiwa kuipita.

Upande wa vigezo, jambo la kwanza ni kwamba `/search` ina namna mbili za kuulizwa, na hazichanganywi. Mtu huandika maneno yote katika `q`, au huyagawa katika `street`, `city`, `country` na wenzake. Kwa miji ambayo nyumba nyingi hazina namba zinazotumika kila siku, kama ilivyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam, `q` yenye jina la mtaa au la alama inayojulikana huwa njia ya kawaida zaidi, na muhtasari ulioandikwa kwa ajili ya msomaji wa huko una haki ya kusema hivyo. La pili ni thamani zinazotumika pale mtu asipoandika kitu. `limit` ni 10 na haivuki 40. Muundo wa jibu la `/search` ni `jsonv2`, ilhali `/reverse` na `/lookup` hurudisha XML zisipoambiwa vinginevyo. Mfupishaji mwenye haraka akiandika kwamba majibu yote huja katika JSON, msomaji ataona `/search` ikifanya kazi vizuri, kisha `/reverse` itamvunjikia kwenye mstari wa kusoma jibu, naye atatafuta kosa katika msimbo wake mwenyewe.

Kuna kosa jingine baya kuliko hilo, kwa kuwa halitoi sauti. Kigezo `viewbox` hueleza mstatili wa eneo, na pembe zake huandikwa longitudo kwanza, latitudo baadaye, kinyume na mazoea ya watu wengi. Dar es Salaam ipo karibu na latitudo -6.82 na longitudo 39.28. Ukizigeuza, unaangukia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Seva haiwezi kujua kuwa umekosea, maana huko nako ni mahali halali duniani. Isitoshe, `viewbox` peke yake hupendekeza tu matokeo ya eneo hilo, haiyafungi humo, na hufunga pale tu inapoandamana na `bounded=1`. Kwa hiyo mstatili uliogeuzwa bila `bounded` hauleti hitilafu yoyote, bali matokeo ambayo hayakupata upendeleo uliokusudiwa. Ukiandamana na `bounded=1`, unarudisha orodha tupu. Namna ya kubaini ni kuweka mstatili na `bounded=1` kisha kutafuta mahali unapopafahamu. Ikija orodha tupu, tazama mpangilio wa namba kabla ya kitu kingine chochote. Vigezo vya aina hii ndivyo vinavyostahili sentensi mbili katika muhtasari, hata kama ukurasa wenyewe umevipa mstari mmoja.

Sasa mipaka. Ukurasa wa `/search` unafundisha namna ya kuuliza, lakini sharti kuu la seva ya umma limo katika sera ya matumizi, ambayo ni ukurasa mwingine kabisa: ombi moja kwa sekunde, basi. Na sekunde hiyo haihesabiwi kwa kila mtumiaji. Ni jumla ya maombi ya watumiaji wote wa programu yako. Sera inataka pia programu ijitambulishe kwa jina lake katika `User-Agent` au `Referer`, na jina linalowekwa lenyewe na maktaba ya msimbo halikubaliki. Inataka chanzo cha data kitajwe mbele ya watumiaji, na programu iweze kuhamishiwa seva nyingine wakati wowote itakapoombwa. Inakataza pia kukamilisha maneno mtumiaji anapoendelea kuandika. Anayeandika Kariakoo anabonyeza herufi nane. Kama kila herufi inatuma ombi, mtu mmoja kwa utafutaji mmoja amemaliza haki ya sekunde nane za programu nzima, na hata angekuwa peke yake bado katazo lingebaki palepale. Kwenye ukurasa wa `/search` pekee hakuna kitu cha kumzuia msomaji asiamini kwamba kisanduku kama hicho kinawezekana.

Hebu tuchukue mtengenezaji wa programu ya kupeleka mizigo anayetaka mambo mawili: kugeuza anwani 7,200 za wateja wa zamani kuwa nukta za ramani, na kumwezesha mteja mpya kutafuta mtaa wake. Ombi lake la msingi lingekuwa hivi:

```
https://nominatim.openstreetmap.org/search?q=Kariakoo&countrycodes=tz&limit=5&format=jsonv2
```

Muhtasari unaomfaa ungesomeka hivi: Seva ya umma inaruhusu ombi moja kwa sekunde kwa programu nzima, ikijitambulisha, na hairuhusu kutafuta kwa kila herufi. Anwani 7,200 zitachukua muda usiopungua saa mbili, zikitumwa na mashine moja kwa mfuatano, na majibu yahifadhiwe ili swali lilelile lisirudiwe. Mteja mpya apewe kitufe cha kutafuta, na ombi litumwe akikibonyeza. Tumia `/search` yenye `q`. `countrycodes=tz` hufunga matokeo ndani ya Tanzania kabisa, tofauti na `viewbox` inayopendekeza tu. Jibu ni orodha, na mahali pasipopatikana orodha huwa tupu huku seva ikiripoti 200, yaani mafanikio. Maneno hayo hayafiki mia moja, lakini yanabeba maamuzi yote ambayo yangeshindikana baadaye. Vigezo vya kubadili umbo la jibu havikutajwa, na msomaji hakupungukiwa, kwa sababu atavikuta ukurasani siku atakapovihitaji.

Wapo watakaosema kwamba mfano mmoja wa msimbo unatosha, maana watengenezaji hunakili kabla ya kusoma. Ni kweli kwamba hunakili, na ndiyo sababu ombi la hapo juu limewekwa. Lakini mfano huonyesha yanayofanya kazi mara moja, mbele ya mtu mmoja, mezani. Ombi hilohilo likiwekwa ndani ya kitanzi linapita kikomo katika sekunde ya kwanza, na hakuna herufi ndani yake inayosema hivyo. Anayezuiwa hukutana na 403 mahali pa orodha aliyoizoea, pengine siku watumiaji wake wanapoongezeka, wakati ambao kubadili mpango ni ghali.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mipaka hubadilika, hivyo muhtasari unaoitanguliza utachakaa kabla ya ule unaotanguliza kazi. Jibu lake limo katika kutofautisha mipaka ya aina mbili, jambo ambalo mihtasari mingi hulichanganya. Kikomo cha 40 katika `limit` na cha 50 katika `/lookup` vimo ndani ya programu, na huonekana hata kwenye seva uliyojisimikia. Kikomo cha ombi moja kwa sekunde ni sera ya mwenye seva ya umma, na hakikufuati ukihama. Aina ya kwanza huandikwa pamoja na toleo la programu. Ya pili huandikwa pamoja na jina la seva na tarehe iliposomwa. Ikiandikwa hivyo, msomaji wa mwaka ujao anajua ahakiki wapi. Mpaka ulioachwa kwa hofu ya kuchakaa haumwambii hata kwamba kuna la kuhakiki. Utofauti huo ndio pia unaomfungulia mwenye anwani nyingi njia nyingine: achukue data ya Tanzania peke yake, asimike Nominatim kwenye mashine yake, na sharti la sekunde linaisha, ingawa la kutaja chanzo linabaki kwa sababu linatoka kwenye leseni ya data yenyewe.

Kuhusu majibu, mfupishaji ana jambo moja tu la lazima, nalo linahusu `place_id`. Inaonekana kama namba ya kudumu ya mahali, lakini ni namba ya ndani ya hifadhidata ya seva moja, na mahali palepale huwa na namba nyingine kwenye seva nyingine. Aliyeihifadhi kwenye jedwali la wateja wake kisha akahamia seva yake mwenyewe atakuta anwani zake zinaelekeza kwingine, au hazielekezi popote. Jozi ya `osm_type` na `osm_id` ina nafuu, kwa kuwa hutoka kwenye ramani na ndiyo inayotumika kwenye `/lookup`, lakini nayo hubadilika mchoraji anapofuta kitu na kukichora upya. Kinachohifadhiwa kwa usalama ni latitudo, longitudo na maneno ambayo mteja mwenyewe aliyaandika.