Picha ya lebo imeondolewa? Hivi ndivyo unavyochapa viambato ili aleji isipotee

Picha ya nyuma ya pakiti ya biskuti inaweza kufutwa wakati wowote. Labda ilikuwa na ukungu, uso wa mtu ulionekana ndani yake, au mtu alipiga picha ya bidhaa nyingine. Ikishaondoka, mzazi mwenye mtoto asiyeweza kula karanga hana tena pa kuangalia.

Maandishi ndiyo yanayobaki, ila yawe yamechapwa vizuri. Hapa tunatumia mfano wa Open Food Facts, hifadhidata ya wazi ya vyakula iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2012 na Stéphane Gigandet. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuongeza bidhaa humo, na programu yake husoma orodha ya viambato na kutaja vyenye aleji pamoja na viongezwa, yaani vitu kama rangi, vihifadhi na vya kuchanganya mafuta na maji.

Programu hiyo haiwezi kukisia. Inasoma ulichoandika tu.

Anza na pakiti, siyo kumbukumbu

Kama pakiti umeshaitupa, usichape kwa kukumbuka. Nenda dukani utafute bidhaa ileile, kisha linganisha tarakimu za barkodi, ile mistari myeusi. Mara nyingi huwa 13.

Ladha ya chokoleti na ladha ya vanila zinaweza kufanana sana kwa nje, lakini kwa kawaida kila moja ina barkodi yake na viambato vyake. Ukichapa orodha ya moja kwenye barkodi ya nyingine, umempotosha atakayeisoma.

Mfano: biskuti moja, orodha mbili

Tuseme nyuma ya pakiti pameandikwa hivi, kwa Kiingereza kama ilivyo kwenye bidhaa nyingi za madukani kwetu:

```
wheat flour, sugar, palm oil, whey powder (milk),
raising agents (E500, E503), salt,
emulsifier (soya lecithin E322), colour (E102).
May contain peanuts and sesame.
```

Mtu mwenye haraka atachapa hivi:

```
flour, sugar, oil, whey, salt, emulsifier, colour
```

Ukiangalia juu juu, haina shida. Lakini ngano imepotea, kwa sababu "flour" inaweza kuwa unga wa kitu chochote. Soya haipo. Onyo la karanga na ufuta halipo. Namba zote nne za viongezwa zimeondoka, kwa hiyo programu haitaonyesha hata kimoja.

Neno "whey" limebaki. Ni unga wa yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini, na asiyelijua hatagundua kwamba ni maziwa. Mabano yenye neno "milk" ndiyo yaliyokuwa yanamwambia.

Mambo manne ya kufuata

*1. Nakili neno kwa neno, kwa lugha ya pakiti.* Usitafsiri. Chagua kwanza lugha ya lebo, kisha chapa ilivyo. Programu hulinganisha kila kiambato na orodha ya majina inayoyajua katika lugha hiyo. Ukiandika "unga wa ngano" kwenye sehemu ya Kiingereza, inaweza isiutambue.

*2. Acha mpangilio ulivyo.* Viambato huandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi wakati wa kutengeneza hadi kilicho kidogo. Kwenye mfano wetu sukari ni ya pili, na hiyo peke yake ni habari. Ukipanga upya, umeifuta.

*3. Tunza mikato na mabano.* Mkato hutenganisha kiambato na kingine. Mabano huonyesha kilicho ndani ya kiambato au kazi yake. "Emulsifier (soya lecithin E322)" maana yake ni kwamba kinachochanganya mafuta na maji ni lesithini iliyotoka kwenye soya. Namba E322 peke yake haisemi hivyo, kwa sababu lesithini inaweza kutoka hata kwenye yai. Kwa mwenye aleji ya soya au ya mayai, neno moja kabla ya namba ndilo linaloamua.

*4. Usiache sentensi ya mwisho.* "May contain" inamaanisha huenda chembe za karanga au ufuta zimeingia kiwandani bila kukusudiwa. Hizo huwekwa kwenye sehemu yake ya "traces", tofauti na viambato vyenyewe.

Kama pakiti imekoleza vyenye aleji kwa wino mzito, kwenye Open Food Facts unaweza kuvionyesha kwa mstari wa chini pande zote mbili:

```
_wheat_ flour, sugar, palm oil, whey powder (_milk_)
```

Namba ndizo zinazoponza

Kosa la tarakimu moja hubadilisha kitu kabisa. E102 ni tatrazini, rangi ya njano ya kutengenezwa. Ukigeuza tarakimu mbili za mwisho unapata E120, rangi nyekundu inayotokana na wadudu. Asiyekula nyama wala wadudu, ila hutumia maziwa, ataikataa biskuti ambayo haina shida kwake. Na mzazi anayeikwepa tatrazini hataiona.

Wapo wazazi wanaoikwepa kweli. Tangu mwaka 2010, chakula chenye E102 kinachouzwa Umoja wa Ulaya lazima kiwe na onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto.

Kosa jingine ni herufi O badala ya sifuri. Kwenye skrini "E5OO" na "E500" zinakaribiana, ila kwa programu ni vitu viwili. Hutokea sana pale simu inaposoma maandishi yenyewe kutoka kwenye picha, hasa pakiti ikiwa na mikunjo au inang'aa.

Ukikuta "INS 322" badala ya E322, usishtuke. Ni namba ileile kwa mfumo wa kimataifa. Chapa ulivyoikuta.

Utajuaje kama imekaa sawa?

Hesabu kabla ya kufunga. Biskuti yetu ina namba nne: E500, E503, E322 na E102. Ukishahifadhi, ukurasa wa bidhaa uonyeshe viongezwa vinne. Ukiona vitatu, kuna namba umeiruka au umeikosea.

Kisha angalia aleji. Panatakiwa kuonekana gluteni (kutoka kwenye ngano), maziwa na soya, halafu karanga na ufuta kwenye chembe. Kama kuna kiambato programu haikukitambua, mara nyingi ni herufi iliyokosewa au mkato uliosahaulika, na majina mawili yameungana kuwa moja.

Mipaka yake

Maandishi hayo ni ya pakiti uliyoishika siku ile. Kiwanda kinaweza kubadilisha mapishi bila kubadilisha barkodi. Ukipata pakiti mpya, linganisha tena na urekebishe palipobadilika.

Pia, kukosekana kwa "May contain" siyo uthibitisho kwamba chembe hazipo. Ulaya na Marekani, kwa mfano, onyo hilo ni la hiari.

Kwa hiyo orodha kwenye simu inakusaidia kuchuja kabla hujaenda dukani. Kwa mwenye aleji kali, ile kama ya karanga inayoweza kuziba pumzi, neno la mwisho ni la pakiti iliyo mkononi, na isomwe kila inaponunuliwa.