Kiwimbi Juu ya U

Kakamega, kazi ya kupanga kurasa inayolipa haraka ni programu za mazishi. Na programu ya mazishi hapa kwetu si ya lugha moja: wimbo ni wa Kiluhya, ratiba ni ya Kiswahili, wasifu ni wa Kiingereza, halafu ghafla kuna mkwe kutoka Nyeri anayeitwa Wanjikũ. Hapo ndipo fonti huonyesha rangi yake.

Kiswahili kimetudekeza. Herufi zake zote ziko kwenye kibodi ya kawaida, na shida yake pekee ni kile kijialama cha ng’. Kiluhya na Kijaluo nazo zina ng’ hiyo hiyo. Lakini Kikuyu kina irabu saba na alfabeti ya Kirumi ina tano tu, kwa hivyo mbili zikavishwa kiwimbi: ĩ na ũ. Wakamba wanazo pia. Si mapambo, ni herufi kamili. Ukiandika u badala ya ũ umeandika sauti nyingine.

Sasa angalia kilichotokea kompyuta zilipoingia. Mwaka wa 1987 kulitoka orodha ya herufi inayoitwa ISO 8859-1, yenye nafasi 256 pekee, iliyopangwa kwa ajili ya Ulaya Magharibi. Mreno alipata ã na õ yake, Mhispania ñ. Juu ya i na u hakuna mtu wa huko aliyehitaji kiwimbi, basi hakikuwekwa. Orodha ndugu yake ya 1988, ISO 8859-4, ilikuwa na ĩ na ũ zote mbili, lakini kwa sababu ya lugha ya Grinlandi! Nani Murang’a angetumia orodha ya Grinlandi?

Watu wakatafuta njia. Orodha ya kwanza ilikuwa na î na û, zenye kofia, basi wengi wakachukua hizo. Ndiyo maana hadi leo unakutana na “Ngûgî” mahali palipostahili Ngũgĩ. Wengine walichora umbo la ũ ndani ya nafasi ya û kwenye fonti yao wenyewe. Ilipendeza mpaka faili lifunguliwe kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, na kofia zikarudi zote.

Unicode, iliyoanza kutoka mwaka wa 1991, iliipa kila herufi nambari yake. Kwenye Word unaandika nambari kisha unabonyeza Alt+X:

```
0129 = ĩ    0128 = Ĩ
0169 = ũ    0168 = Ũ
2019 = ’
```

Lakini nambari si umbo. Mchoraji wa fonti anaweza kuchora A hadi Z na kuacha mengine. Herufi ikikosekana, programu huiazima kimyakimya kutoka fonti nyingine, au inakuachia kisanduku kitupu, ambacho wenye kazi hii hukiita tofu. Kisanduku ni rafiki, unakiona. Kuazima ndiko kubaya.

Kwenye ile programu, mteja alitaka majina kwa fonti ya mwandiko wa kalamu, ya bure. Kabla ya kuanza niliandika jina moja tu, kubwa, pointi 72: Ngũgĩ wa Thiong’o. Sijui jina lingine linalopima vizuri hivyo, kwani lina viwimbi vyote viwili na kijialama cha ng’. N na g zilijipinda kama kalamu. Ũ na ĩ zikasimama wima kama askari. Kijialama nacho kilikuwa kimeazimwa, kwa sababu Word huugeuza mstari ulionyooka kuwa ’ na fonti ile ilikuwa na ule ulionyooka tu.

Kwa ukubwa wa pointi 11 usingegundua. Kwa hivyo nilihifadhi PDF ya majaribio, nikaifungua kwa Adobe Reader, nikaangalia orodha ya fonti kwenye sifa za faili. Nilitumia fonti moja, orodha ikataja mbili. Ushahidi ndio huo. Ukirudia jaribio, rudia kwa maandishi mazito pia, maana mazito huwa faili lake lenyewe na laweza kukosa kile ambacho la kawaida linacho.

Nilipata badala yake kwa njia ambayo bado inanichekesha. Kivietinamu kinatumia ĩ na ũ, kwa toni. Ukienda Google Fonts na kuchuja zinazofaa Kivietinamu, unabaki na fonti ambazo viwimbi vya Nyeri vimo ndani. Mteja alichagua ya tatu, na Wanjikũ akachapishwa na kiwimbi chake.