Mjomba Yupo Ofisini: Undugu, Ajira ya Kaunti na Haki ya Aliyekosa Kazi Kwale

Tangazo la nafasi za kazi za kaunti likianza kusambaa kwenye simu za vijana wa Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani si la vyeti. Ni hili: “Una mtu pale?” Mama huuliza, ami huuliza, hata mwalimu aliyekufundisha huuliza, na hakuna anayekusudia ubaya. Wanapima tu kama pesa ya kutoa nakala za vyeti na nauli ya kwenda Kwale mjini zitakuwa zimetupwa. Asiye na mtu hupeleka maombi hata hivyo, na akikosa hujibiwa na kila jirani kwa maneno mawili: kazi mjuano.

Makala haya yanadai kwamba mjadala wa ajira katika pwani ya kusini ya Kenya umetazama kabila kwa muda mrefu hata ukashindwa kuuona undugu, na kwamba anayeumia zaidi kwa upofu huo ni mwenyeji asiye na mtu. Yanadai pia kwamba silaha aliyo nayo huyo aliyekosa ni kumbukumbu za jopo lililomhoji, mradi aziombe mapema na kwa maneno yanayofaa.

Kutazama kabila kuna sababu zake. Tarehe 13 Agosti 1997 vijana waliokula kiapo Kaya Bombo walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na wiki zilizofuata watu wa bara wakauawa na kufukuzwa Likoni na sehemu za Kwale. Siasa za uchaguzi wa mwaka ule ziliuchochea moto huo, lakini kuni zilikuwepo: ardhi, na kazi za hotelini na serikalini ambazo wenyeji waliona zinachukuliwa na wageni. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walikaa bila vitambulisho hadi serikali ilipowatambua mwishoni mwa 2016, na bila kitambulisho hakuna ajira rasmi. Kwa hiyo sheria zilipoandikwa upya zilijengwa kukinga ubaguzi wa aina hiyo. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka ajira na vyeo vya umma vitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili, pamoja na uwakilishi wa jamii zote. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka bodi ya utumishi ihakikishe angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zinakwenda kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa kwenye kaunti.

Sasa tazama ambacho kipimo hicho hakikioni. Nafasi moja ya karani imeombwa na vijana wawili, wote Wadigo, mmoja wa Vanga na mwingine wa Tiwi. Aliyepata ni mpwa wa ofisa wa idara husika. Jedwali la makabila halikubadilika hata kidogo, na mkaguzi wa mwaka atalipitisha. Kijana aliyekosa akifungua Sheria ya Ajira ya 2007 atakuta kifungu cha 5 kinataja rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, asili ya kikabila au ya kijamii, ulemavu na mengineyo. Undugu haumo kwenye orodha hiyo. Ubaguzi wa kabila ukidaiwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea. Upendeleo wa ndugu haukupewa msaada huo waziwazi, na anayelalamika hujikuta anatafuta namna ya kuuvisha nguo za ukabila ili usikilizwe. Naamini hiyo ni sababu moja inayofanya malalamiko ya ajira huku kwetu yageuke upesi kuwa maneno ya wenyeji na wageni, hata pale ambapo wote waliohusika ni wenyeji.

Undugu wenyewe hauwezi kueleweka kwa kuuita ufisadi na kufunga mjadala. Wadigo kwa asili walirithishana upande wa mama, na ingawa Uislamu na sheria za ardhi zimebadilisha mengi, wajibu wa mjomba kwa mtoto wa dada yake haujafa. Mjomba aliyesomeshwa kwa nazi na korosho za ukoo, akapata ofisi Kwale mjini, haoni kwamba anaiba anapomwingiza mpwa wake. Anaona analipa deni. Peter Ekeh, mwanazuoni wa Nijeria, alieleza mwaka 1975 kwamba Mwafrika wa baada ya ukoloni anaishi katika nyanja mbili za umma: ya jamii yake, ambayo ina maadili na madai makali, na ya serikali, ambayo haimdai chochote rohoni. Mjomba wetu anaishi katika zote mbili. Akikataa kumsaidia mpwa, dada yake atamwuliza mazishini mbele za watu. Akimsaidia, aliyedhulumiwa hana mahali pa kumwuliza. Hoja yangu inasimama hapo: aliyekosa lazima apate mahali pa kuulizia, la sivyo deni la ukoo litashinda kila siku, tena bila mjomba kuwa mtu mbaya.

Mahali hapo pa kuulizia ni kwenye karatasi za alama. Upendeleo hupenyea milango kadhaa. Wakati mwingine sifa za kazi huandikwa zikimlenga mtu, na wakati mwingine kibarua aliyeletwa kimyakimya huthibitishwa baadaye kana kwamba alishindania nafasi. Lakini mlango unaoacha alama za vidole ni mahojiano. Chukua mfano huu niliouunda kwa ajili ya hesabu. Jopo lina watu watano, kila mmoja anatoa alama kati ya 100. Mwombaji wa kwanza amepewa 72, 70, 74, 71 na 73. Wa pili amepewa 64, 66, 65, 67 na 98. Jumla ya kila mmoja ni 360, na wastani wa wote wawili ni 72. Kwenye orodha ya matokeo wamelingana, na hapo mwenyekiti anaweza kumchagua wa pili kwa sababu yoyote ya kando. Ila mtu akiziona karatasi tano zenyewe, jambo liko wazi. Wajumbe wanne walimweka wa pili chini ya 68, na mjumbe mmoja tu akamnyanyua. Ukipanga alama kwa ukubwa na kutazama ile ya katikati, wa kwanza ana 72 na wa pili ana 66. Mkono mmoja umetosha kufuta tofauti ambayo wenzake wanne waliiona.

Ndiyo maana barua ya kuuliza “nilipata alama ngapi?” haifai. Aliyekosa atajibiwa 72 na mwenzake 72, na atarudi nyumbani mikono mitupu. Barua inayofaa inaomba alama za kila mjumbe kwa kila mwombaji aliyehojiwa, majina yakiwa yamefutwa, pamoja na vigezo vilivyopitishwa kabla ya mahojiano. Kufuta majina ni muhimu, kwa kuwa ofisi isipotaka kutoa itajificha nyuma ya faragha ya waombaji wengine. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo kwa kawaida Ombudsmani. Na kifungu cha 77 cha sheria ya kaunti kinamruhusu asiyeridhika na uamuzi wa ajira kukata rufaa kwa maandishi mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 90.

Siku hizo hupotea upesi. Uamuzi ukitolewa tarehe 3 Machi, siku ya tisini ni tarehe 1 Juni, nayo ni Madaraka, ofisi zimefungwa. Barua ikipelekwa tarehe 10 Machi, jibu linatakiwa kufikia tarehe 31 Machi, na bado kuna miezi miwili ya kuandika rufaa yenye ushahidi. Wengi hutumia miezi hiyo miwili kumtafuta mtu wa kumwendea mtu. Akipatikana, tayari muda umekwisha, na anachoahidi ni nafasi ya mwakani, ambayo nayo itakuwa imechukuliwa kutoka kwa mwingine asiye na mtu.

Niliwahi kukosa kazi katika ofisi moja ya umma ya pwani hii, na aliyeipata alikuwa jamaa wa mkubwa wa pale. Kwa muda wa miezi miwili sikumsalimia msikitini. Niliandika barua kama niliyoieleza, nikaipeleka kwa mkono katika nakala mbili, karani wa masijala akagonga muhuri wa tarehe kwenye nakala yangu. Jibu lilikuja likiwa na karatasi za wajumbe wote. Jamaa yule alikuwa amenizidi kwa alama tano, na si kwa mkono mmoja: wajumbe wote, hata ambao hawakumjua, walimweka juu yangu kwenye swali la bajeti, ambalo mimi nilikuwa nimelijibu kwa kubahatisha. Nilisoma karatasi zile zaidi ya mara kumi. Mjuano ulikuwepo mjini, lakini katika kazi ile haukunigusa, na nisingeweza kulijua hilo kwa njia nyingine.

Hiyo ni sehemu ya madhara ya upendeleo isiyozungumzwa. Unapozoeleka, aliyeshindwa kwa haki hawezi kujua alishindwa kwa haki, na aliyeshinda kwa haki hubeba fedheha ya kudhaniwa mpwa wa fulani. Kila anayekosa hubaki na majibu mawili yanayoua kwa namna tofauti: ama mimi sifai, ama dunia yote ni mjuano. Karatasi humwondolea jibu lisilo la kweli, lolote lile.

Njia hii ina mipaka. Katika hoteli za Diani, wafanyakazi hupunguzwa msimu wa masika, kati ya Aprili na Juni, kisha wageni wakirudi wengine huitwa na wengine hawaitwi. Hakuna tangazo, hakuna jopo, hakuna karatasi, ila simu ya msimamizi. Hapo kilichobaki ni chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA na makubaliano yake na wenye hoteli, ikiwa mtu ni mwanachama na ikiwa ametunza mikataba yake ya misimu iliyopita kuonyesha amefanya kazi miaka mingapi.

Na hata upande wa kaunti, kuuliza kuna gharama. Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika ama huondoka ama husema. Kwetu vijana wengi huondoka, wakaenda Mombasa au Ghuba, kwa sababu kusema katika mji ambao kila mtu ni shemeji ya mwenzake ni kumwaibisha mtu utakayekutana naye kwenye hitima. Ndiyo sababu naisisitiza barua isiyomshtaki mtu. Isitaje mpwa, isitaje mjomba, isitumie neno dhuluma. Itaje namba ya tangazo, tarehe ya mahojiano na karatasi zinazoombwa, basi. Mjomba akiisoma hataona jina lake, ila atajua kwamba karatasi aliyoijaza kwa mkono wake itasomwa na mtu mwingine.